Athari ya Allee: lengo la kuokoa spishi adimu haliishii kwenye idadi

*Swali: Ndugu mtaalamu, tunaandika mpango wa kuokoa spishi iliyobaki kidogo. Nilivyofundishwa, wakishapungua, waliobaki hupata chakula na nafasi zaidi na hivyo huzaana haraka. Mwenzangu anasema kuna kitu kinaitwa athari ya Allee, na kwamba lengo letu la idadi ya jumla halina maana. Nani yuko sahihi, na lengo tuliandikeje?*

Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa kusema "halina maana" ni kukaza mno. Ulichofundishwa ni kweli pale viumbe wanapokuwa wengi kiasi cha kugombania chakula, maficho au mahali pa kuzalia. Ukipunguza msongamano hapo, kila mmoja aliyebaki hupata nafuu. Lakini ukizidi kushuka unafika mahali ambapo kinachokosekana si chakula tena. Kinachokosekana ni wenzao: wa kupandana naye, wa kulinda watoto, wa kuangalia adui, wa kuwinda pamoja, au wa kuvuta wachavushaji ikiwa ni mimea. Kuanzia hapo, kila anayepungua anawapunguzia waliobaki nafasi ya kuishi au kuzaa. Hiyo ndiyo athari ya Allee.

Jina linatokana na Warder Clyde Allee, mwanaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago. Katika jaribio lake moja la miaka ya 1930, samaki wa dhahabu waliowekwa kundi zima katika maji yenye sumu ya fedha waliishi muda mrefu kuliko samaki aliyewekwa peke yake katika maji ya kiasi kilekile. Ute wa samaki wengi uliinasa ile sumu na kuizamisha chini, ilhali ute wa mmoja haukutosha. Msomaji wa leo ashike jambo moja hapo: faida ya kuwa wengi ina njia inayopitia, na njia hiyo hutofautiana kutoka kiumbe hadi kiumbe. Ukiandika lengo bila kuijua njia hiyo, utapima kitu kisichohusika.

Kuna athari dhaifu na athari kali. Katika ile dhaifu, idadi ikishuka ongezeko hupungua kasi lakini hubaki ongezeko. Katika ile kali kuna kizingiti: chini yake vifo hushinda vizazi, na spishi huelekea kutoweka hata kama tishio la mwanzo limeondolewa. Njia fupi ya kuiandika athari kali ni hii:

```
dN/dt = r * N * (1 - N/K) * (N/A - 1)
```

N ni idadi iliyopo, K ni idadi ambayo makazi yanaweza kubeba, A ni kizingiti, na r inapanga kasi. Tuchukue namba za mfano tu: K ni 500, A ni 50, r ni 0.1. Wakiwa 100, idadi inakua kwa asilimia 8 hivi kwa mwaka. Wakiwa 60, inakua kwa asilimia 1.8 tu. Wakiwa 40, inapungua kwa asilimia 1.8. Wakiwa 20, inapungua kwa karibu asilimia 6.

Tazama hizo mbili za katikati. Ukiwa na wanyama 60 au 40, badiliko la mwaka mmoja ni chini au juu kidogo tu ya mnyama mmoja, na hakuna hesabu ya porini inayoweza kuliona. Ripoti ya miaka mitatu mfululizo itaandika "idadi imetulia" katika hali zote mbili, kumbe moja inapanda taratibu na nyingine imeshaanza kuteremka. Hapa ndipo mipango mingi inapodanganyika. Kutulia karibu na kizingiti si dalili ya usalama.

Sasa weka ujangili wa wanyama wawili tu kwa mwaka katika mfano huohuo. Wakiwa 60, ongezeko lao la asili ni mnyama mmoja na ushei, kwa hiyo wawili wanaochukuliwa wanaligeuza kuwa upungufu. Inabidi wafike takriban 67 ndipo ongezeko lifidie hao wawili. Yaani kizingiti kimehama kutoka 50 hadi 67 kwa sababu ya vifo viwili. Kila kifo cha ziada, kiwe cha ujangili, cha kugongwa na magari au cha ugonjwa, kinasogeza mstari wa hatari juu. Ndiyo maana kizingiti hakinakiliwi kutoka mahali pamoja kwenda pengine kana kwamba ni sifa ya spishi, kama uzito wa mwili.

Mfano wa kweli unaoonyesha haya waziwazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kome mkubwa wa Karibi, *Aliger gigas*, yule konokono wa baharini mwenye gamba zito lenye mdomo wa rangi ya waridi. Amevuliwa sana kwa ajili ya nyama. Kome huyu hajamiiani kwa kumwaga mbegu majini. Dume lazima amfikie jike na kumpanda, na wote wawili wanajikokota sakafuni mwa bahari. Stoner na Ray-Culp walipima jambo hili katika visiwa vya Exuma, Bahama, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Hawakuona kupandana kokote mahali penye kome wazima chini ya 56 kwa hekta, wala kutaga mayai chini ya 48 kwa hekta. Msongamano ulipopanda, shughuli za uzazi ziliongezeka haraka hadi karibu kome 200 kwa hekta, kisha zikatulia.

Kwa nini uzazi ukome kabisa badala ya kupungua kidogokidogo? Piga hesabu ya umbali. Kome 50 waliotawanyika ovyo katika hekta moja, nusu madume na nusu majike, wana umbali wa wastani wa mita 10 hivi kutoka kwa kila mmoja hadi kwa wa jinsia nyingine aliye karibu zaidi. Wakiwa 200, umbali huo unashuka hadi mita 5. Kwa samaki tofauti hiyo si kitu. Kwa konokono wa baharini ambaye hukutana na mwenzake kwa kubahatisha, ndani ya msimu wenye mwisho, ndiyo tofauti kati ya kukutana mara kadhaa na kutokutana. Tena watafiti haohao walitaja uwezekano kwamba kukutana mara kwa mara ndiko kunakochochea viungo vya uzazi vikomae. Ikiwa ndivyo, upungufu wa kukutana unajiongezea wenyewe.

Sasa tuone lengo linavyobadilika. Chukua eneo la kubuni la hekta 10,000 lenye kome wazima 300,000. Wastani ni 30 kwa hekta. Wakiwa wametawanyika sawasawa, hakuna anayepandana, ijapokuwa laki tatu ni idadi inayomfanya mtu apumue. Lakini tuseme 120,000 kati yao wamekusanyika katika hekta 600. Hapo msongamano ni 200 kwa hekta, na uzazi wa eneo zima unatoka humo. Waliobaki 180,000 wako 19 kwa hekta, na kwa uzazi hawachangii kitu.

Idara inaruhusu mavuno ya asilimia 30 ya jumla, yaani kome 90,000. Wazamiaji hawaendi kuokota mmojammoja huko kwenye 19 kwa hekta. Wanakwenda palipojaa. Wakitoa 90,000 kwenye zile hekta 600, hubaki 30,000, sawa na 50 kwa hekta. Ripoti itasema asilimia 70 ya kome wamebaki, na itakuwa imesema kweli. Uzazi, hata hivyo, umekwisha, kwa sababu hakuna tena mahali palipovuka 56.

Lengo la idadi ya jumla lingeruhusu hayo yote bila kengele kulia. Ndiyo sababu wataalamu wa kome huyu waliokutana mwaka 2012 walipendekeza kipimo cha msongamano: kome wazima wasipungue 100 kwa hekta, namba iliyo juu ya kile kizingiti cha 56 kwa makusudi. Vilevile nchini Marekani, mpango wa kumwokoa abaloni mweupe wa Kalifonia, konokono mwingine wa baharini ambaye humwaga mayai na mbegu majini na hivyo huhitaji wenzake wawe karibu, umeweka lengo lake kwa msongamano wa zaidi ya 2,000 kwa hekta, pamoja na idadi ya jumla. Idadi haikutupwa. Imepewa mwenzake wa kuilinda.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpango wenu si "wangapi?" bali "wangapi, ndani ya eneo la ukubwa gani?" Ukubwa huo unatokana na njia ya athari yenyewe. Kwa kome ni eneo ambalo mmoja anaweza kulitambaa katika msimu wa kupandana. Kwa mmea usiojichavusha ni umbali ambao nyuki au ndege anausafiri kati ya ua na ua. Kwa mbwa mwitu wa Afrika kipimo ni kundi. Kundi lazima lipeleke wawindaji, na wakati huohuo limwache mtu mzima wa kulinda watoto pangoni. Kundi la watu wazima wanane likimwacha mlinzi mmoja halitikisiki. La wanne likimwacha mmoja limepoteza robo ya wawindaji wake, na likienda wote, watoto wanabaki peke yao. Hapo lengo lenye maana ni idadi ya makundi yenye ukubwa wa kutosha. Mbwa 40 katika makundi manne si sawa na mbwa 40 katika makundi kumi.

Mbwa mwitu wanatukumbusha tahadhari nyingine. Athari inayoonekana katika kipengele kimoja, kama watoto wanaonusurika kwa kila kundi, si lazima ionekane katika idadi ya spishi nzima. Spishi ikipungua inaweza kubaki na makundi machache yaliyo makubwa, na kila kundi likaendelea kuzaa vizuri. Au hasara katika uzazi inaweza kufidiwa na watoto wachache kunusurika zaidi. Ukiona kipengele kimoja kinashuka, usikimbilie kutangaza kizingiti cha idadi. Uliza kwanza kama ongezeko zima, vizazi kutoa vifo, linashuka pia.

Namna ya kuipima, basi. Usitegemee mfululizo wa hesabu za miaka. Idadi ikiwa ndogo, bahati ya nani kazaa na nani kafa hufunika kila kitu. Linganisha mahali kwa mahali. Tafuta sehemu zenye msongamano tofauti, hasa za chini, na katika kila moja pima kile kipengele unachoshuku: sehemu ya watu wazima walioonekana wakipandana, mayai yaliyorutubishwa, watoto kwa kila jike, mbegu kwa kila ua. Kisha chora kipengele dhidi ya msongamano wa palepale, usitumie wastani wa hifadhi nzima. Athari ya Allee huonekana kama mstari unaozama upande wa kushoto. Ukigusa sifuri kabla msongamano haujafika sifuri, una sababu nzuri ya kushuku kizingiti.

Makosa matatu huharibu kipimo hiki, na yote yametokea kwa kome.

La kwanza ni kuhesabu wasiokomaa kama watu wazima. Gamba la kome likishatanua mdomo, mtu humwita mzima. Lakini mdomo huendelea kunenepa kwa miaka, na kome wa Bahama waliochunguzwa walifikia nusu ya ukomavu mdomo ulipokuwa na unene wa milimita 26 hivi kwa majike na 24 kwa madume. Ukihesabu kila gamba lenye mdomo uliotanuka, unaweza kuandika 100 kwa hekta mahali ambapo wanaoweza kuzaa hawafiki nusu yake. Pima unene kwa kalipa, na uandike katika lengo lenyewe nani anahesabiwa kuwa mzima.

La pili ni kuona wachanga na kudhani wazazi wanazaa hapohapo. Viluwiluwi vya kome huelea majini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Wachanga mnaowaona wanaweza kuwa wametoka kwenye mwambao mwingine, ambako bado kuna msongamano. Huko kukiisha, kwenu kutaisha miaka michache baadaye bila ninyi kufanya kosa jipya. Ushahidi wa uzazi wa mahali ni kupandana na mayai.

La tatu ni gumu zaidi: mahali penye wachache huenda pana wachache kwa sababu pabaya. Katika visiwa vya Florida Keys kuna kome wa karibu na ufuko ambao hawakuwa wakizaa, na viungo vyao vya uzazi vilikuwa na kasoro. Walipohamishiwa kina cha mbali zaidi, walianza kuzaa. Hapo tatizo lilikuwa makazi, na kuwakusanya palepale ufukweni kusingesaidia. Dawa ya mkanganyiko huu ni jaribio dogo: wakusanye wachache mahali palepale wanapoishi, na wengine wahamishie makazi mazuri kwa msongamano uleule mdogo, kisha uone ni kundi lipi linaloanza kuzaa.

Mkishapata kizingiti, msikifanye lengo. Idadi ikiwa sawasawa na kizingiti, na bahati ikiachwa ifanye kazi yake, nafasi ya kunusurika ni karibu nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Lengo huwekwa juu yake kwa hatua. Rudi kwenye mfano wetu wa 50. Tuseme makadirio yenu yanasema kizingiti kiko popote kati ya 35 na 70. Anza na 70, kwa kuwa kukosea upande wa chini ndiko kusikorekebishika. Ongeza 20 kwa ajili ya wale wawili wanaoibiwa kila mwaka, kwa kuwa kizingiti kikiwa 70 zile 17 za mwanzo hazitoshi, mfike 90. Kisha jiulize mwaka mbaya huondoa wangapi. Ikiwa ukame unaweza kuua asilimia 30, mnataka watakaosalia baada ya ukame bado wawe 90, na hiyo ni 90 ugawe kwa 0.7, yaani takriban 129. Kutoka 50 mmefika 129, kwa kila mahali pa kuzaliana.

Hesabu hiyohiyo hugeuza namna ya kuwarejesha porini. Mna wanyama 60 wa kuachia, kizingiti cha mahali ni 20, na mnajua asilimia 30 hufa katika mwaka wa kwanza. Sehemu tatu za wanyama 20 zitabaki na 14 kila moja, na zote tatu zitakuwa chini ya mstari. Sehemu mbili za 30 zitabaki na 21, ukingoni kabisa. Sehemu moja ya 60 itabaki na 42. Desturi ya kugawanya ili kupunguza hatari, ambayo ni nzuri kwa spishi isiyo na athari hii, hapa inaua makundi yote kwa pamoja. Mimi ningeachia wote mahali pamoja, ningelinda kwa nguvu hadi waongezeke, kisha ningetoa kundi zima la kutosha kuanzisha mahali pa pili. Kubaki na mahali pamoja ni hatari ya kweli, moto au ugonjwa mmoja unaweza kumaliza, kwa hiyo tarehe na idadi ya kufungua mahali pa pili iandikwe tangu mwanzo.

Na ikiwa vipimo vyenu vinaonyesha athari dhaifu, bila kizingiti, sakafu ya dharura haitahitajika. Kinachobadilika ni muda. Mpango uliokadiria kwamba spishi itarudi kwa miaka kumi kwa kutumia kasi yake ya msongamano wa kati utakuwa umejidanganya, kwa sababu huko chini kasi ni ndogo. Kadirieni kwa kasi iliyopimwa kwa wachache waliopo. Viumbe wengine hawana athari hii hata kidogo, kama mmea unaojichavusha wenyewe na usiotegemea majirani. Kwao, ile hesabu yenu ya jumla inatosha.

Kwa spishi yenu, sentensi ya lengo iwe na sehemu nne: nani anahesabiwa kuwa mzima, msongamano au ukubwa wa kundi, idadi ya mahali panapotakiwa kuufikia, na kipimo cha uzazi kinachothibitisha. Kwa kome ningeandika hivi: "Wazima wenye mdomo wa unene wa milimita 26 au zaidi wawe 100 au zaidi kwa hekta katika angalau mahali sita palipotajwa kwenye ramani, na kupandana au mayai yaonekane katika kila mahali kwa misimu mitatu mfululizo, mahali popote pakishuka chini ya 100, uvuvi wa hapo usimame msimu uleule." Idadi ya jumla iwekwe kwenye mstari wa pili. Hiyo "sita" na hiyo "mitatu" ni za mfano, na za kwenu zitatokana na ramani yenu na miaka yenu mibaya. Ila msiache ile sehemu ya kusimamisha uvuvi msimu uleule. Ukisubiri tathmini ya miaka mitano, kwa spishi yenye kizingiti utakuwa unapima mteremko.